Uji Uliokwenda Bandani

Kwa yule fundi seremala, nguruwe walikuwa shughuli ya mke wake, na mbao zilikuwa shughuli yake. Miaka yote ya ndoa yao mpaka wa shughuli hizo mbili ulikuwa ukuta wa karakana. Upande huu misumeno, gundi na maranda. Upande ule banda, pumba na kelele. Kama ilimlazimu kupita bandani alipita mbio huku amekunja uso, na mkewe alikuwa hakosi la kumwambia.

"Wasalimie basi, Fundi. Ndio waliokusomeshea watoto."

Mtaani walimwita Randa. Sababu ya kwanza ni kile kifaa ambacho hakikumtoka mkononi. Sababu ya pili ni ulimi wake: ukimsimulia kisa kirefu, yeye alikikwangua mpaka kikabaki neno moja. Mkewe walimwita Mama Ndoo, kwa kuwa hapakuwa na aliyewahi kumwona akienda mahali mikono mitupu. Yeye maneno alikuwa nayo ya kumtosha yeye na mumewe, akiba ikabaki.

Kisha Mama Ndoo akaanza kushika tumbo. Kwanza alisema ni gesi, halafu akasema ni uzee, na alipokubali kwenda hospitali uvimbe ulikuwa umeshakuwa na mizizi. Daktari aliyewapokea alikuwa mtu mpole. Alimvuta Randa pembeni, akamwambia ampeleke mama nyumbani, ampe dawa za maumivu kwa wakati, na ampe chochote anachotaka kula. Randa alishika hilo la mwisho tu. Alirudi nyumbani akiwa ameazimia kupika.

Alikihamishia kitanda cha mkewe chumba cha nyuma, chini ya dirisha linaloelekea banda. Kutoka pale mgonjwa aliona paa la bati na nusu ya mlango, basi. Kilichobaki alikijua kwa masikio. Alijua nani ananywa maji, nani anajikuna ukutani, nani ameamka vibaya. Na nguruwe wenyewe alikuwa amebaki mmoja, jike mkubwa mweupe aliyeitwa Bibi Harusi, kwa sababu alitembea polepole, ameinamisha kichwa, kama anayengoja kushikwa mkono. Wengine waliuzwa ugonjwa ulipoanza. Huyu hakuuzwa kwa kuwa alikuwa na mimba, na kwa kuwa Mama Ndoo alikataa katakata.

"Nataka nisikie wanawe wakinyonya," alimwambia mumewe. "Nikishasikia hivyo, mengine yatajipanga yenyewe."

Randa aliitikia kwa kichwa. Hakuuliza mengine ni yapi.

Basi mwanamume aliyekuwa akipita bandani kwa kukimbia akawa analishika koleo kila asubuhi. Mkewe alimfundisha kutoka dirishani, na alimfundisha vizuri. Banda lioshwe likauke ndipo nguruwe aingizwe kujifungua. Maji yasikosekane, kwani nguruwe mwenye kiu hana maziwa. Ukutani pawekwe upau wa mbao, juu kidogo ya sakafu, ili mama akijitupa kulala watoto wapate pa kuponea. Hilo la upau Randa alilifanya kwa ustadi hata mkewe akamtania kwamba nguruwe sasa ana kitanda kizuri kuliko chake. Na neno moja alilirudia mara nyingi kuliko mengine yote.

"Tumbo likishashuka na chuchu zikajaa, mpunguzie chakula. Nusu tu. Mchanganyie pumba kwa maji na majani mabichi, choo kiwe laini. Atakulilia, usimsikilize. Nguruwe akizaa ameshiba kupita kiasi, choo kinafunga, homa inapanda, maziwa yanakatika. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Akishazaa na maziwa yakatoka, hapo umwongezee kidogo kidogo, mpaka ale asaze. Lakini siyo kabla."

Alisikia kweli, tatizo halikuwa masikio. Tatizo lilikuwa uji.

Kila asubuhi Randa alipika uji. Aliukoroga bila donge, akautia maziwa na sukari, akaupooza kwa kuumimina kutoka chombo hadi chombo kama alivyomwona mama yake akifanya. Akampelekea mkewe, akamwinua kwa mto, akamlisha. Kijiko cha kwanza kilipita, cha pili kilipita kwa taabu. Cha tatu Mama Ndoo alifumba mdomo, akamshika mkono, akasema kesho nitakula zaidi. Bakuli likabaki limejaa. Mchana hivyo hivyo, na jioni hivyo hivyo.

Mtu mwingine angeumwaga uji ule akaendelea na kazi. Randa hakuweza. Alisimama nao mlangoni siku ya kwanza, akautazama, akaona kwamba kuumwaga ni kukiri jambo ambalo hakuwa tayari kulikiri. Ndipo Bibi Harusi akatia pua mlangoni mwa banda na kumkoromea. Randa akamimina uji katika kihori cha kulishia. Nguruwe akaunywa wote, akalamba mbao, akainua kichwa kutaka mwingine. Moyo wa yule mwanamume ulipata nafuu ambayo haukuwa umeipata kwa muda mrefu. Walau kuna mmoja katika nyumba hii anayekula akashiba.

Siku ya pili akaongeza unga wa mahindi kidogo, kisha mabaki ya chakula chake mwenyewe, ambacho naye hakuwa akikimaliza. Na wakati wa kupunguza ulipofika, chuchu zimejaa na tumbo limeshuka, alipima nusu kama alivyoagizwa, akaitia kihorini, akaondoka. Bibi Harusi akalia. Randa akafika hatua chache, akarudi. Hakuwa mtu wa kuvumilia kusikia kiumbe chenye mimba kikililia chakula, hasa yeye anayebembeleza mtu ale na kukataliwa. Akamwongezea nusu iliyobaki, na juu yake uji.

"Umempunguzia?" sauti iliuliza dirishani.

"Nimempunguzia."

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza katika ndoa ile, kama tukiacha ule wa kusema chakula ni kitamu. Aliusema kwa wepesi uliomshangaza mwenyewe.

Bibi Harusi alijifungua asubuhi jua likiwa limeshachangamka. Mama Ndoo alijua kabla ya mumewe. Alisikia majani makavu yakiburutwa, akasema, "Anatandika. Nenda." Randa alikwenda na matambara masafi, akapiga magoti kwenye maranda, akapokea. Kila mtoto aliyetoka alimfuta pua na mdomo, akamkausha, akamweka kwenye chuchu, na kila mara alipaza sauti kuelekea dirishani kutoa taarifa. Uzazi ulikuwa mrefu. Mama nguruwe alichoka, akapumzika sana baina ya mtoto na mtoto, na Mama Ndoo akauliza mara mbili kwa nini anachelewa hivi, huyu si mgeni wa kuzaa. Lakini kufikia mchana walikuwa wametoka kumi na mmoja, na kondo la nyuma nalo likatoka. Watoto walinyonya. Randa aliingia ndani akinuka damu na maranda, akaketi ukingoni mwa kitanda, na mkewe akamshika sikio akalivuta, kama alivyozoea kumfanyia zamani akifurahi.

Asubuhi iliyofuata alikuta mambo mengine.

Bibi Harusi alikuwa amelalia tumbo. Kiwele chote amekikandamiza sakafuni, kana kwamba anakificha. Chakula cha jana hakukigusa, na maji aliyatazama tu. Watoto walikuwa wamemzunguka wakilia, si ule mlio wa kugombania chuchu bali mwembamba, wa kukata, usiopumzika. Wengine walimpanda mgongoni, wengine walilamba unyevu wa sakafu. Matumbo yao yalikuwa yameingia ndani. Mmoja alikuwa amelala chini ya bega la mama yake, bapa, ameshakufa. Upau ulikuwepo ukutani, lakini upau haumwokoi mtoto anayeng'ang'ania kukaa chini ya mama kwa njaa.

Randa alimtoa, akamfunga kwa tambara, akamzika nyuma ya karakana penye rundo la maranda. Kisha akasimama pale na koleo mkononi. Alikuwa na hofu ya kitoto kabisa, hofu ya aliyevunja kitu na mwenyewe bado hajaingia chumbani.

"Kuna nini?" Mama Ndoo aliuliza.

"Hakuna. Wanagombania chuchu."

"Hiyo si sauti ya kugombania."

"Watatulia."

Hawakutulia. Alijaribu kumlaza nguruwe kwa ubavu; akakataa, akamkemea. Kabla ya saa sita mwingine alikuwa ameganda pembeni, peke yake, baridi kama jiwe la mto. Randa alimzika karibu na wa kwanza. Aliporudi, mkewe alikuwa ameinuka kwa kiwiko, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, jasho limemtoka usoni.

"Fundi, usinifanye mtoto," alisema. "Mimi kulala nimelala, kufa bado. Hao hawana maziwa. Mpigie simu yule dada wa mifugo, sasa hivi."

Daktari wa mifugo alikuja na pikipiki, begi mgongoni, mabuti ya mpira miguuni. Alikuwa binti wa umri wa mtoto wao wa mwisho. Alipitia dirishani kwanza kumwamkia mgonjwa shikamoo, kwa kuwa walijuana miaka, halafu akaingia bandani. Alipima homa, akatikisa kichwa. Alipapasa kiwele polepole. Kilikuwa cha moto na kigumu, na kila alipobonyeza palibaki alama, na nguruwe akajivuta kwa maumivu. Alikamua chuchu moja baada ya nyingine akapata tone, au hakupata kitu. Alivaa glovu ndefu, akahakikisha hakuna mtoto aliyesalia tumboni. Akatazama nyuma ya mnyama, akatazama sakafu, akaokota vipande viwili vya kinyesi vikavu vilivyoshikana kama kokoto.

"Amefunga choo," alisema. "Tangu lini?"

"Sijui."

"Maji anapata?"

"Anapata."

"Banda mliliosha?"

"Tuliliosha likakauka," sauti ya Mama Ndoo ilijibu kutoka dirishani.

"Pumba zenu zina ukungu? Maana chakula chenye ukungu nacho kinakata maziwa."

Randa alileta gunia. Daktari akanusa, akachukua konzi akaitawanya kiganjani, akaridhika. Ndipo akauliza swali ambalo Randa alikuwa akilingoja tangu aione pikipiki.

"Na siku hizi za mwisho kabla ya kuzaa, alikula kiasi gani?"

Randa alitazama mabuti ya daktari.

"Kama mke wangu alivyoniagiza," alisema.

"Nusu?"

"Nusu."

Daktari alikunja uso, akawaza. Ndipo Mama Ndoo aliposema, na sauti yake haikuwa ya utani tena.

"Basi ni mimi. Nimemwagiza vibaya. Hizi dawa zinanichanganya kichwa, mwanangu, siku hizi nasahau hata majina. Labda nilimwambia aongeze badala ya kupunguza. Nguruwe nimefuga maisha yangu yote, na huyu wa mwisho nimemuua kwa mdomo wangu."

Randa alisikia maneno yale yakishuka kutoka dirishani. Angeweza kunyamaza. Daktari angetibu vile vile, hakuna ambaye angejua, na yeye angebaki mume mwema anayefuata maagizo. Lakini yule mwanamke hakuwa amebakiwa na mengi. Nguvu zilikwisha, nywele zilikwisha, mwili ulikwisha. Alichokuwa nacho bado ni kujua kazi yake, na mumewe alikuwa amesimama pale akimnyang'anya hicho pia.

Akatoka bandani, akaenda chini ya dirisha, akainua uso.

"Hukukosea," alisema. "Uliniambia nusu. Uliniambia kila siku. Nilimpa yote, na juu yake nikampa uji wako."

"Uji wangu?"

"Ule unaobaki."

"Wote?"

"Wote. Kila siku. Sikuweza kuumwaga, mama. Nilikuwa nikiona ukimwagwa ndiyo basi."

Randa hakuwa amesema maneno mengi hivyo kwa mara moja tangu siku ya posa. Mkewe akauliza, "Na sukari yake?"

"Na sukari yake."

Mama Ndoo akaanza kucheka. Alicheka mpaka tumbo likamuuma, akalishika, akaendelea kucheka, kisha kicheko kikageuka, na wote wawili, ndani na nje ya dirisha, wakawa wanalia, na daktari akajifanya anatafuta kitu ndani ya begi. Mtu akisema angejua la kufanya mahali pale, aachwe na uongo wake.

"Haya," Mama Ndoo alisema akijifuta kwa shuka. "Mwanangu, umeshajua chanzo. Tusaidie."

Daktari alifanya kazi haraka. Alimchoma nguruwe sindano ya kuua vijidudu, na nyingine ya kushusha homa na uvimbe. Ya tatu ilikuwa ya kufanya maziwa yaliyomo yashuke. Aliichoma kidogo tu, akaeleza kwamba dawa hiyo hutolewa kidogo na kurudiwa baada ya saa chache, ukimjaza kwa mara moja hupati faida. Alimwagiza Randa alete maji ya uvuguvugu na kitambaa, akamwonyesha kukanda kiwele, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa mkono mwepesi. Randa alikuwa na mikono ya kujua mbao zimeshika wapi na zimelegea wapi. Alijifunza upesi. Baada ya dakika chache daktari alikamua, na safari hii likatoka zaidi ya tone. Wakawasogeza watoto hapo hapo, wale wenye nguvu ya kushika chuchu.

"Mwinue asimame, mtembeze uani kila baada ya muda," daktari alisema. "Maji mengi. Leo chakula chake kiwe pumba laini ya maji, kidogo, na chumvi hii ya kulegeza choo. Jana walinyonya?"

"Walinyonya."

"Basi dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, waliipata angalau kidogo. Bila hiyo ningekuambia mengine. Sasa hatari yao ni baridi. Mtoto wa nguruwe mwenye njaa hana cha kumpasha moto, huganda kabla njaa yenyewe haijamuua. Wapate pakavu penye joto, na wapate maziwa mengine mpaka mama yao apone."

Jirani yao, mwanamke mshona nguo, alikuwa na nguruwe aliyezaa siku iliyotangulia, na watoto wake hawakujaza chuchu zote. Alipopata habari alikuja na kikapu bila kungoja kuombwa. Walichagua watatu wakubwa. Wakawapangusa kwa majani ya banda la kule, wanuke kama wenyeji, asije yule mama akawakataa kwa kuwanusa ugeni. Jirani alipoondoka nao alimpungia Mama Ndoo dirishani. "Wajukuu zako wanakwenda shule ya bweni," alisema.

Waliobaki walihitaji sanduku. Randa aliingia karakana akatazama. Mbao za kawaida zilikuwa zimekwisha. Ukutani palikuwa na mbao ndefu, ngumu, zilizonyooka, ambazo alikuwa amezinunua kimyakimya na kuzifunika kwa gunia tangu siku waliyotoka hospitali. Hakuwa amejisemea ni za nini. Alizifunua, akapima, akaanza kukata.

Msumeno ulisikika hadi chumba cha nyuma. Alipoingia kumpa mkewe dawa, Mama Ndoo alimwangalia kwa jicho la pembeni.

"Umeanza mapema, Fundi. Hata vipimo hujanichukua."

"Sanduku la watoto."

"Kwa mbao zile?"

Kumbe alijua habari za mbao zile.

"Vizuri," mkewe alisema. "Wao wana haraka kuliko mimi."

Likawa sanduku la kuonewa wivu, lenye mlango wa kuteleza na taa iliyoning'inizwa kwa juu, chini limejaa maranda makavu. Jioni hiyo na siku nzima iliyofuata alikuwa akizunguka: maziwa ya mbuzi ya uvuguvugu, glukosi kidogo, matone kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kidogo kidogo na mara nyingi, maana wakijazwa wanaharisha. Kisha kiwele, kisha kutembeza nguruwe uani, kisha kuchemsha vyombo, kisha kumgeuza mkewe. Daktari alirudi kurudia sindano. Mtoto mmoja, aliyekuwa mdogo kuliko wote na hakuweza kusimama, Mama Ndoo alimtaka yeye.

"Mlete hapa. Joto ninalo, la homa, lakini ni joto."

Akamlaza kifuani, ndani ya shuka, akamdondoshea maziwa mdomoni. Kila Randa alipochungulia kuuliza, mkewe aliweka kidole mdomoni na kumwambia amelala. Jioni, mzunguko ulipokwisha, akamwita aketi.

"Alikufa tangu mchana," alisema. "Nilitaka kwanza umalize wale wengine."

Randa alimchukua yule kiumbe, ambaye bado alikuwa na joto la mwili wa mkewe, akakaa naye mapajani. Hakumwambia mkewe kwamba amemdanganya. Hakuwa na haki ya neno hilo.

Maziwa yalikuja asubuhi ya siku iliyofuata. Homa ilikuwa imeshuka, choo kimefunguka. Randa alikuwa akifagia aliposikia Bibi Harusi akikoroma ule mkoromo mfupi mfupi, wa mfululizo, wa kuita. Akageuka. Nguruwe alikuwa amejilaza ubavu mzima, kiwele wazi, na watoto watano waliobaki wamejipanga, wakisukuma kwa pua, kisha mkoromo ukashika kasi, na wote kwa pamoja wakatulia tuli. Mikia tu ilikuwa ikitikisika.

Alikimbia ndani kutoa habari. Mkewe alimnyamazisha kwa mkono.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hiyo," alisema Mama Ndoo, na akafumba macho ili asikie vizuri zaidi.

Walikaa hivyo mpaka wale bandani wakamaliza. Kisha, kwa sauti ya chini kwa kuwa nyingine hakuwa nayo, alikumbusha. "Sasa umwongezee. Siyo kwa mkupuo, kidogo kidogo. Lakini usimnyime, ananyonyesha. Mpe mpaka asaze."

"Nitampa."

"Hata uji," alisema, akatabasamu.

Alifariki siku chache baadaye, mchana, Randa akiwa anamgeuzia mto. Mbao za sanduku lake zilikuwa za kawaida, lakini zilipigwa randa mpaka zikawa laini kama kitambaa. Fundi hakumruhusu mtu mwingine azishike. Watoto wao walikuja, wakazika, wakakaa, wakamsihi baba aende kuishi nao. Alisema nguruwe ananyonyesha. Wakaona huzuni imemchanganya, wakaondoka kwa shingo upande.

Asubuhi ya kwanza ya upweke, Randa aliamka akapika uji. Aliukoroga bila donge, akatia maziwa, akatia sukari, akaupooza kutoka chombo hadi chombo, akashika kijiko na bakuli, na alikuwa ameshafika mlango wa chumba cha nyuma alipokiona kitanda kimekunjwa godoro. Akasimama pale. Bakuli lilikuwa bado na uvuguvugu vidoleni.

Akageuka, akatoka nje kwa mlango wa uani. Bandani watoto walikuwa wananyonya, na aliwangoja wamalize, asiwakatishe. Mama yao alipoinuka, akamimina uji kihorini, wote, pole pole.

"Kula," alimwambia. "Sasa umeruhusiwa."

Bibi Harusi akala akasaza. Randa aliigeuza ndoo ya mkewe akaikalia, bakuli tupu mapajani, akalia kwa sauti, na safari hii hapakuwa na mtu dirishani wa kumuuliza kuna nini, ili yeye amjibu hakuna.